Paneli ya wati 36 inapotoa "lumeni 14,000": kutafuta kosa kati ya luksi, pembe na kosaini

Kijana mmoja niliyekuwa namfundisha ufungaji wa taa alinijia jioni na daftari lake, uso umechangamka. "Mwalimu, hii paneli boksi limeandikwa lumeni 3,600, lakini mimi nimepima nimepata 14,250. Watengenezaji wamejipunja wenyewe."

Paneli yenyewe ni ile ya kawaida inayopachikwa kwenye dari ya jipsamu: sentimita 60 kwa 60, wati 36, uso wa plastiki nyeupe kama maziwa. Alikuwa amezizima taa nyingine zote, akaweka luksimita, kifaa cha kupima mwanga unaotua mahali, chini ya katikati ya paneli kwa umbali wa mita 3, akasoma luksi 126. Nilirudia kipimo mwenyewe nikapata hiyohiyo 126. Kwa hiyo kifaa kilikuwa kizima na mkono wake ulikuwa sawa. Kosa lilikuwa kwenye karatasi.

Nimeona kosa hili na ndugu zake mara nyingi kiasi kwamba nimeona niyaandike kwa mpangilio wa dalili. Paneli ni hiyohiyo moja mwanzo hadi mwisho, ili namba zifuatane.

Dalili ya 1: lumeni zinatoka mara nne ya zilizoandikwa, au mara mbili

Kabla ya kutafuta chanzo, pima kama jibu lenyewe linawezekana. Gawa lumeni, yaani jumla ya mwanga unaotoka kwenye taa, kwa wati za umeme. Hapa 14,250 kwa 36 ni kama lumeni 396 kwa kila wati. Mwanga mweupe wa taa ya LED ya kawaida, ukichukua wati ya mwanga tupu bila joto lolote, una takriban lumeni 300. Hivyo paneli hii ingelazimika kutoa mwanga mwingi kuliko umeme inaokula. Ukifika hapo, usiendelee kupima. Rudi kwenye hesabu.

Kijana alifanya hivi. Luksi 126 maana yake ni lumeni 126 zinazotua kwenye kila mita ya mraba. Akachora tufe kubwa kichwani, taa ikiwa katikati na luksimita ikiwa kwenye ganda la tufe, nusukipenyo mita 3. Eneo la ganda hilo ni 4π × 9, yaani mita za mraba 113. Akazidisha kwa 126, akapata 14,250.

Hesabu hiyo inafaa balbu tupu inayoning'inia na kutoa mwanga sawasawa pande zote. Paneli ina mgongo wa bati. Haimuliki juu. Nilipomwambia hivyo aligawa kwa mbili palepale, akapata 7,125, akanitazama. Bado ilikuwa mara mbili ya boksi, na hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu hoja ya nusu tufe inaonekana imekamilika.

Ili kuona kilichobaki, inabidi tuielewe pembe mango. Pembe ya kawaida inapima jinsi mistari miwili inavyoachana. Pembe mango inapima jinsi koni ya mwanga inavyofumbuka: unachukua eneo ambalo koni inalifunika kwenye ganda la tufe, unaligawa kwa mraba wa nusukipenyo. Kizio chake ni steradiani. Kiganja cha upana wa sentimita 10 kwa 10, ukikinyoosha sentimita 60 kutoka jichoni, kinafunika kama steradiani 0.028. Anga yote unayoiona ukiwa umelala chali uwanjani ni nusu tufe, steradiani 2π, yaani 6.28. Tufe zima ni 4π.

Ukali wa mwanga, unaopimwa kwa kandela, ni lumeni ngapi zinaingia kwenye steradiani moja kuelekea upande fulani. Ukiwa mbali vya kutosha unaupata kwa kuzidisha luksi kwa mraba wa umbali: 126 × 9, kandela 1,134. Sasa angalia maneno "kuelekea upande fulani". Kandela 1,134 ni za kushuka wima chini ya paneli. Kijana alizidisha namba hiyo kwa 2π kana kwamba kila upande wa nusu tufe unapata kandela zilezile.

Haupati. Chukua sahani, ishike mbele ya uso wako, halafu iinamishe polepole. Duara linakuwa yai, yai linakuwa mstari. Ikiinama nyuzi 60, upana unaouona ni nusu ya upana wake halisi. Paneli nayo ukiisogelea kwa ubavu inakuonyesha uso mdogo zaidi, kwa hiyo inakurushia mwanga mdogo zaidi, kwa kiwango cha kosaini ya pembe kutoka mstari wa wima. Hii ndiyo kanuni ya kosaini, aliyoiandika Johann Heinrich Lambert mwaka 1760. Kwa nyuzi 45 kandela zinashuka hadi asilimia 71, kwa nyuzi 60 zinafika nusu, na kwa nyuzi 90 hakuna kitu.

Sasa gawanya nusu tufe iliyo chini ya paneli katika pete tatu. Koni ya katikati, nyuzi 0 hadi 30, ina steradiani 0.84. Pete ya nyuzi 30 hadi 60 ina 2.30. Pete ya pembeni, nyuzi 60 hadi 90, ina 3.14, yaani nusu kamili ya nafasi yote. Lakini mwanga unagawanyika hivi: robo kwenye koni, nusu kwenye pete ya kati, na robo tu kwenye ile pete pana ya pembeni. Nafasi kubwa kuliko zote inapewa mwanga hafifu kuliko wote. Ukikokotoa wastani wa kosaini juu ya nusu tufe nzima unapata nusu kamili, na 2π mara nusu ni π.

```
lumeni = π × kandela_za_wima
       = 3.1416 × 1134
       = 3563
```

Boksi linasema 3,600. Tofauti ni asilimia moja, na hata hiyo ina sababu, tutaifikia.

Kwa hiyo utambuzi ni rahisi. Jibu likiwa mara nne, umetumia tufe zima kwa taa bapa. Likiwa mara mbili, umekumbuka mgongo wa bati ukasahau kosaini. Likitoka theluthi moja hivi ya lililotarajiwa, umesahau π yenyewe, ukaziita kandela lumeni.

Dalili ya 2: ukisogea karibu, namba zinaharibika

Kijana akaamua kuhakikisha kwa kupima karibu zaidi. Kwenye mita 1 alitarajia mara tisa ya kipimo cha mita 3, yaani luksi 1,134, akasoma 1,030. Kwenye sentimita 30 alitarajia 12,600, akasoma 5,600. Akadhani luksimita imezidiwa na mwanga.

Luksimita haikuwa na kosa. Kanuni ya mraba wa umbali inaichukulia taa kuwa nukta. Ukiwa sentimita 30 chini ya paneli ya sentimita 60, kingo zake ziko nyuzi 45 kutoka wima. Mwanga wa kingo unasafiri umbali mrefu kuliko ule wa katikati, unatoka kwa mshazari na kutua kwa mshazari. Vyote vitatu vinaupunguza.

Kuna njia ya kujua kwamba 12,600 haiwezekani hata kabla ya kupima. Lumeni 3,600 zinatoka kwenye eneo la mita za mraba 0.36, yaani lumeni 10,000 kwa kila mita ya mraba ya uso. Hata ukiibandika luksimita juu ya plastiki yenyewe, huwezi kuzidi luksi 10,000. Hesabu ikikupa luksi nyingi kuliko zinazotoka kwenye uso wa taa, umeitumia kanuni ya nukta mahali pasipo pake.

Kwa paneli ya mraba, hesabu kamili ni ndefu. Mimi huibadilisha kuwa duara lenye eneo lilelile. Duara la mita za mraba 0.36 lina nusukipenyo cha mita 0.339, na mraba wake ni 0.115. Kwa duara linalofuata kanuni ya kosaini, mmuliko chini ya katikati yake, yaani luksi kwenye umbali wa mita d, ni huu:

```
E = 10000 × 0.115 / (0.115 + d²)
```

Weka d = 1 upate kama 1,030. Weka 0.3 upate kama 5,600. Ndizo namba alizosoma. Weka 3 upate 126, ilhali kanuni ya nukta kwa paneli hiyo ya lumeni 3,600 ingetoa 127. Hiyo ndiyo asilimia moja iliyobaki kwenye dalili ya kwanza: hata mita 3, paneli bado si nukta kamili.

Wapimaji wana desturi ya kukaa umbali usiopungua mara tano ya upande mrefu wa taa. Kwa paneli hii ni mita 3, na kijana alikuwa amesimama pale kwa bahati tu. Taa ndefu ya futi nne ingemtaka asogee hadi mita 6.

Dalili ya 3: pembeni mwanga unashuka kuliko ilivyotarajiwa, ilhali macho yanaona paneli inang'aa vilevile

Hili ndilo swali lililonifurahisha zaidi. Alisogeza luksimita sakafuni mita 3 kutoka pale chini ya paneli. Sasa umbali wa moja kwa moja hadi kwenye taa ulikuwa mita 4.24, na mraba wake ni 18, mara mbili ya 9. Akatarajia nusu ya 126, yaani 63. Luksimita ikasoma 32.

"Na tena mwalimu," akasema, "nikisimama hapa nikaitazama, inang'aa sawasawa na nikiwa chini yake. Kama mwanga umebaki robo, mbona sioni?"

Tuanze na 32. Kuna vipunguzo vitatu na yeye alihesabu kimoja. Umbali umeleta nusu. Paneli inaonekana kwa mshazari wa nyuzi 45, kwa hiyo inatoa 0.71 ya kandela zake za wima. Na luksimita, iliyolala sakafuni ikitazama juu, inapokea mwanga kwa mshazari wa nyuzi 45 nayo: miale ileile inatandazwa kwenye eneo kubwa zaidi, 0.71 tena. Nusu mara 0.71 mara 0.71 ni robo. Robo ya 126 ni 31.5.

Kipunguzo cha tatu kinathibitishwa kwa mkono. Inua luksimita pale ilipo uielekeze usoni mwa paneli. Namba ikapanda kutoka 32 hadi kama 45. Kosaini ya mpokeaji imeondoka, ya mtoaji imebaki. Ukiinua kifaa na namba isibadilike hivyo, shuku kifaa. Simu nyingi zenye programu ya kupima luksi hushindwa hapa, kwa sababu kihisi chake kimekaa ndani ya tundu chini ya kioo na hakina kile kikofia cheupe cha kupokea mwanga wa mshazari kwa haki.

Sasa swali la macho. Jicho halipimi luksi za sakafuni. Linapotazama uso, linapima mng'ao: lumeni kwa kila mita ya mraba ya uso *unaoonekana*, kwa kila steradiani. Ukienda pembeni, kandela zinapungua kwa kosaini, lakini uso unaoonekana nao unapungua kwa kosaini ileile. Ukigawanya kimoja kwa kingine, kosaini inakatika. Mng'ao unabaki ulivyo. Uso wa namna hii, unaong'aa sawa kila upande, ndio unaoitwa wa Lambert.

Umbali nao unakatika kwa njia hiyohiyo. Ukirudi nyuma mara mbili, mwanga unaoingia mboni unabaki robo, lakini taswira ya paneli ndani ya jicho nayo inabaki robo ya eneo lake. Kila kipande cha taswira kina mwanga uleule.

Maneno haya hayakumtosha, na sikumlaumu. Tulichukua manila nyeusi tukaizungusha kuwa bomba la kipenyo cha sentimita 4, urefu sentimita 30, tukalisimamisha juu ya kikofia cha luksimita na kuziba kwa utepe mweusi pale chini. Ndani pasiwe na mng'aro, la sivyo kuta za bomba zitarusha mwanga na kuharibu kipimo. Mdomo wa bomba una eneo la mita za mraba 0.00126. Gawa kwa mraba wa 0.30, ambao ni 0.09, upate steradiani 0.014. Luksimita sasa inaona koni hiyo nyembamba tu.

Tukaelekeza bomba katikati ya paneli kutoka mita 1: luksi 44. Kutoka mita 2: luksi 44. Kijana akagonga kifaa akidhani kimeganda. Tukaenda pembeni nyuzi 45, umbali wa mita moja na nusu: 43, halafu 44. Muda wote uso wa paneli ulikuwa unaijaza koni nzima, na hilo ndilo sharti. Ukirudi mbali hadi koni ione dari kandokando ya paneli, namba inaanza kushuka, na kanuni ya mraba wa umbali inarudi taratibu.

Gawa 44 kwa 0.014 upate mng'ao wa takriban kandela 3,150 kwa mita ya mraba. Zidisha kwa π, kisha kwa eneo la 0.36:

```
3150 × 3.1416 × 0.36 = 3563
```

Ni lumeni zilezile, safari hii bila kupima umbali hata mara moja. Nimeshafanya zoezi hili mara nyingi, na bado napenda kuona njia mbili zisizotegemeana zikikutana hivi.

Tahadhari moja kwa anayepima chumbani bila bomba: kuta nyeupe hurudisha mwanga na kuongeza luksi. Weka kipande kidogo cha manila nyeusi hewani kati ya taa na kihisi ili kivuli chake kikifunike kihisi tu, soma kilichobaki, halafu kitoe kwenye kipimo cha kwanza. Chumba chetu kilikuwa ghala lenye kuta zilizochakaa, na kilichobaki kilikuwa chini ya luksi 2, ambazo nilikuwa nimezitoa tayari.

Dalili ya 4: wati na lumeni hazikubaliani hata kidogo

Hapa π imekaa sawa, kosaini imekaa sawa, lakini mtu amevuka kutoka radiometria kwenda fotometria bila daraja. Radiometria inahesabu nishati: wati, wati kwa mita ya mraba, na mng'ao wa wati kwa mita ya mraba kwa steradiani. Fotometria inahesabu kile ambacho jicho la binadamu linakiona kwenye nishati hiyo. Umbo la hesabu ni moja kwa zote mbili. Pembe mango ni ileile na kosaini ni ileile. Kinachotofautiana ni mzani wa rangi.

Kosa linalojirudia ni kuchukua namba 683 na kuitumia kila mahali. Namba hiyo ni ya kweli: wati moja ya mwanga wenye mtetemo wa terahezi 540, kijani cha urefu wa wimbi wa nanomita 555 hivi, ni lumeni 683. Lakini ni ya kijani hicho tu. Mwaka 1924 shirika la kimataifa la mwanga, CIE, lilipitisha jedwali la jinsi jicho linavyopokea kila rangi, likikipa kijani hicho 1. Bluu ya nanomita 450 inapata kama 0.04, na nyekundu ya nanomita 660 kama 0.06. Wati moja ya nyekundu hiyo ni lumeni 42 hivi.

Kwa paneli yetu, mtu akizidisha wati 36 kwa 683 anapata lumeni 24,600. Amekosea mara mbili. Wati 36 ni za umeme, na nyingi zinaishia kuwa joto. Na zile zinazotoka kama mwanga zina mchanganyiko wa rangi, kama lumeni 300 kwa wati. Rudi kinyumenyume: lumeni 3,600 kwa 300 ni wati 12 za mwanga. Wati 24 zilizobaki unaweza kuzigusa kwenye bati la mgongo na kwenye kile kiboksi cha kuendeshea taa.

Upande wa pili wa kosa hili nauona kwa mafundi wa sola. Mchana wa jua kali luksimita inasoma kama luksi laki moja. Fundi anagawa kwa 683, anapata wati 146 kwa mita ya mraba, anakata tamaa juu ya eneo hilo. Jua la namna hiyo huwa karibu na wati 1,000 kwa mita ya mraba. Sehemu kubwa ya nishati ya jua iko nje ya kile jicho linachokiona, na paneli ya silikoni inakula nyingi ya hiyo isiyoonekana. Luksimita imetengenezwa makusudi isiione. Kwa kazi hiyo tumia kipima mnururisho wa jua chenye kusoma wati kwa mita ya mraba.

Kuna taa za mimea pia, zile za zambarau. Luksimita itakuambia ni hafifu ilhali zinachoma majani. Isitoshe, luksimita za bei nafuu mara nyingi husawazishwa kwa balbu ya zamani ya uzi unaowaka, na kwenye bluu na nyekundu za pembezoni hufuata jedwali la jicho vibaya. Kwa taa nyeupe kosa huwa dogo. Kwa taa za rangi, usiiamini namba hiyo.

Dalili ya 5: kila kitu kimefanywa sawa, na π bado inadanganya

Basi paneli yako si ya Lambert. Plastiki ya rangi ya maziwa inavuruga mwanga kiasi cha kuikaribia kanuni ya kosaini vizuri sana. Lakini zipo paneli za ofisini zenye plastiki angavu ya vipiramidi vidogo, zilizotengenezwa ili zisimchome macho anayekaa mbali. Hizo zinausukuma mwanga chini kwa makusudi. Taa ya kumulika yenye lenzi ndiyo kabisa.

Kuitambua, pima kandela za wima na kandela za nyuzi 60, kihisi kikiielekea taa katika umbali uleule wa mbali. Kwa uso wa Lambert ya pili ni nusu ya kwanza. Ikiwa ni robo, au chini ya hapo, kuzidisha kandela za wima kwa π kutakupa lumeni nyingi kuliko zilizopo.

Dawa yake ni kupima kwa pete. Ining'inize taa kwenye egemeo inaloweza kuzungukia, bandika kipimapembe, uache luksimita palepale mita 3. Soma kwenye nyuzi 5, 15, 25, na kuendelea hadi 85. Zidisha kila kipimo kwa 9 upate kandela, kisha kwa steradiani za pete yake, halafu jumlisha:

```
nyuzi    steradiani
 5       0.096
15       0.284
25       0.463
35       0.628
45       0.774
55       0.897
65       0.993
75       1.058
85       1.091
```

Jumla ya safu ya steradiani ni 6.28, nusu tufe nzima. Ukitaka kulijaribu jedwali kabla ya kuliamini, zidisha kila mstari kwa kosaini ya pembe yake na ujumlishe: unapata 3.15, juu kidogo tu ya π yenyewe, kwa sababu pete za nyuzi 10 ni pana kidogo. Kama mwanga wa taa hauko sawa kushoto na kulia, pima pande nne kwa kila pembe na utumie wastani. Taa ya kumulika yenye koni nyembamba inahitaji pete za nyuzi 2 au 3 karibu na katikati, maana karibu mwanga wake wote utakuwa umebanwa ndani ya mistari miwili ya kwanza ya jedwali hili.